Udhuru na Ombi katika Barua Moja: Uhakiki wa Baruapepe ya Mwanafunzi Aliyekosa Jaribio

Ikisiri

Makala haya yanahakiki baruapepe ambayo mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Tanzania humwandikia mhadhiri wake kwa Kiswahili ili kueleza sababu ya kutohudhuria darasa na kuomba notisi au jaribio la kufidia. Tafiti nyingi kuhusu baruapepe za aina hii zimejikita katika suala la adabu. Makala haya yanadai kwamba barua nyingi za Kiswahili hazikosi adabu, bali zinaunganisha matendo matatu tofauti, yaani udhuru, ombi la hisani na ombi la haki, kana kwamba ni tendo moja. Kwa kuchambua mfano mmoja hatua kwa hatua, makala yanaonyesha kuwa sarufi ya Kiswahili ina njia za kuyatenganisha matendo hayo bila kupunguza heshima, na kwamba njia hizo huachwa kwa sababu ya kunakili muundo wa barua rasmi ya karatasi.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi aliyekosa jaribio ana siku chache tu za kunusuru alama zake. Katika vyuo ambavyo alama za kazi za muhula huhesabiwa pamoja na zile za mtihani wa mwisho, nafasi iliyoachwa wazi katika orodha ya mhadhiri husomeka kama sifuri mpaka mtu aieleze. Maelezo hayo siku hizi hutolewa kwa baruapepe. Barua hiyo ndiyo matini fupi kuliko zote anazoandika mwanafunzi chuoni, na huenda ndiyo pekee ambayo matokeo yake humrudia moja kwa moja.

Wanaisimu wameishughulikia aina hii ya matini kwa takribani miongo miwili. Biesenbach-Lucas (2007) alilinganisha maombi ya wanafunzi waliozaliwa katika Kiingereza na ya wale waliojifunza lugha hiyo, katika barua walizowaandikia wahadhiri wao huko Marekani. Economidou-Kogetsidis (2011) alichunguza barua za wanafunzi wa Kipro wanaozungumza Kigiriki na wanaoandika kwa Kiingereza, akaeleza kwamba maombi yao yana unyoofu mwingi, vilainishi vichache na namna za kumwita mhadhiri zisizofaa. Kazi hizo zina deni kwa mradi wa Blum-Kulka, House na Kasper (1989), ambao ulipanga mikakati ya kuomba katika ngazi, kuanzia ile iliyo nyoofu kabisa hadi ile ya kudokeza tu.

Mkabala huo ukihamishiwa katika Kiswahili bila kurekebishwa, huzaa hukumu isiyo ya haki. Zaidi ya hilo, humfanya mhakiki atafute kasoro mahali isipokuwapo na kuiacha ile iliyopo. Sehemu zinazofuata zinaanza na mfano, kisha zinaeleza hukumu hiyo ilivyo na kasoro, na hatimaye zinachambua udhuru na ombi, kimoja baada ya kingine. Mifano yote miwili iliyomo humu imetungwa kwa ajili ya uchambuzi, ili barua ya mwanafunzi yeyote isianikwe.

2.0 Mfano na Asili ya Umbo Lake

Mfano wa kwanza unafuata mtindo ambao msomaji yeyote anayefundisha Kiswahili chuoni ataukumbuka mara moja:

YAH: KUOMBA KUSAIDIWA

Shikamoo Mwalimu.

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwanafunzi wako wa mwaka wa pili. Ninaomba radhi kwa kutohudhuria kipindi chako wiki iliyopita kutokana na dharura iliyokuwa nje ya uwezo wangu. Hivyo basi, naomba kupatiwa notisi pamoja na kupewa jaribio nililolikosa. Natumaini ombi langu litapokelewa na kufanyiwa kazi. Natanguliza shukurani zangu za dhati.

Wako mtiifu,

Barua hii haina ufidhuli hata kidogo. Ina maamkizi, ina radhi, ina shukurani na ina unyenyekevu wa kufungia. Hata hivyo, mhadhiri anayeisoma hawezi kuijibu kwa neno moja. Hajui kozi gani inazungumziwa, jaribio lipi, siku gani, wala dharura ni ya namna gani. Jibu lake la kwanza litakuwa swali, na swali hilo litafuatwa na lingine. Hiki ndicho kigezo kinachotumika katika makala haya: barua imetimiza kazi yake ikiwa mpokeaji anaweza kusema ndiyo au hapana na kujua hatua inayofuata. Barua inayorudishiwa swali haijaomba bado, hata kama kitenzi kuomba kimo ndani yake mara tatu.

Chanzo cha umbo hili hakijifichi. Ni barua rasmi ya shuleni, ambayo hufundishwa kwa mpangilio wa sehemu zake: anwani mbili, tarehe, mwanzo wa heshima, kichwa cha habari, kiini na tamati. Mwanafunzi huzoea kupata alama kwa kuviweka vipengele hivyo mahali pake, naye huondoka shuleni akiamini kwamba mpangilio ndio barua. Anapohamia kwenye baruapepe, anwani na tarehe huondolewa na mtambo wenyewe, lakini kauli zilizozitegemea hubaki. Kauli ya kuhusika na kichwa cha habari ilikuwa na maana katika karatasi, kwa kuwa kichwa kilikuwa juu ya aya palepale. Katika baruapepe kichwa huwekwa katika mstari wa mada, na mhadhiri anayesoma kwa simu huenda asiuone tena anapofikia kiini cha barua. Kauli inamwelekeza mahali ambapo hapapo.

Sarufi ya kauli hiyo inaongeza kinaya. Husika ni kitenzi katika hali ya kuamuru, kisicho na kiambishi cha nafsi wala kiishio cha -e ambacho Kiswahili hukitumia kupunguza ukali wa amri. Neno tafadhali linailainisha amri hiyo, lakini haliibadilishi kuwa ombi. Hivyo, katika barua iliyojaa unyenyekevu, sentensi ya kwanza baada ya maamkizi inamwamuru mhadhiri, na hakuna anayeiona amri hiyo kwa kuwa imekwisha kuwa pambo. Hilo ni onyo kwa mhakiki: umbo la sarufi peke yake halitoshi kupima adabu.

3.0 Kasoro ya Kupima kwa Unyoofu

Katika ngazi za Blum-Kulka na wenzake, ombi linalotumia kitenzi kinachotaja tendo lenyewe la kuomba liko karibu kabisa na amri. Kwa kipimo hicho, naomba unitumie notisi ni nyoofu sana, na je, unaweza kunitumia notisi? ina adabu zaidi, kwa sababu swali kuhusu uwezo humwachia mpokeaji mlango wa kutokea.

Mzungumzaji wa Kiswahili hatakubali mpangilio huo. Naomba ndiyo njia ya kawaida ya kuomba kwa adabu, dukani, nyumbani na ofisini. Nguvu yake inatokana na maana yake ya msingi: anayesema naomba amekwisha kujiweka chini ya anayeombwa. Kwa upande mwingine, unaweza kunitumia, ikielekezwa kwa mkubwa bila kitangulizi chochote, husikika kama swali halisi la kutaka kujua kama uwezo huo upo. Baadhi ya wasikilizaji huiona kama muundo ulioazimwa na usiozoea mazingira yake. Kuhusu ningeomba, kiambishi -nge- huleta sharti ambalo sentensi hailitaji. Ni kilainishi kinachokubalika, lakini kukosekana kwake si ukosefu wa heshima.

Yahya-Othman (1994) amekwisha kuonyesha kwamba nadharia ya Brown na Levinson (1987) haiwezi kubebwa nzimanzima na kuwekwa juu ya adabu ya Waswahili, ambayo huitazama zaidi jamii na nafasi ya mtu ndani yake. Mfano uliotolewa hapo juu unathibitisha hoja hiyo. Heshima yake haikai katika kitenzi cha kuomba. Inakaa katika shikamoo, katika jina Mwalimu, na katika mwandishi kujitambulisha kwa uhusiano (mwanafunzi wako) kabla ya kujitambulisha kwa shida yake. Mhakiki anayehesabu vilainishi vya kitenzi ataikuta barua hiyo na upungufu, ilhali msomaji wake ameishaamkiwa.

Kwa hiyo, swali la adabu linapaswa kuwekwa kando, kwa sababu limekwisha kujibiwa ndani ya barua. Linalobaki ni swali la kinachosemwa: ni udhuru gani unaotolewa, na ni nini hasa kinachoombwa?

4.0 Udhuru: Radhi, Dharura na Vitenzi vya Kutendewa

Austin (1956), katika insha yake kuhusu kujitetea, alitenganisha mambo mawili: kukiri kuwa tendo ni baya lakini kukana kuwajibika nalo, na kukubali kuwajibika lakini kukana ubaya wa tendo. Barua iliyo hapo juu inaanza kwa kuomba radhi, yaani kukiri kosa, kisha papo hapo inasema jambo lilikuwa nje ya uwezo wa mwandishi, yaani hapakuwa na kosa. Ni kweli kwamba radhi katika Kiswahili hutumika pia kama ishara ya heshima tu, bila kukiri kosa lolote, na mhadhiri huisoma hivyo. Tatizo ni kwamba radhi na kauli ya nje ya uwezo wangu hujaza nafasi yote ya maelezo. Msomaji anamaliza sentensi akiwa ameombwa radhi kikamilifu na hajaelezwa lolote.

Neno linaloficha zaidi ni dharura. Wanafunzi hulitumia kwa kubadilishana na udhuru, japokuwa maneno hayo mawili, yote yenye asili ya Kiarabu, hayatendi kazi moja. Dharura ni tukio linalombana mtu pasipo hiari yake. Udhuru ni sababu inayotolewa kwa mtu mwingine ili aipime na kuikubali au kuikataa. Dharura humpata mtu hata akiwa peke yake, lakini udhuru hauwi udhuru mpaka uwe na wa kuusikiliza. Anayeandika kwamba alipata dharura anatangaza kuwa tukio lilikuwa zito, na hapohapo anamnyima msomaji nafasi ya kulipima. Badala ya kutoa ushahidi, anatoa hukumu.

Hapa ndipo sarufi ya Kiswahili ina utajiri usiotumiwa. Kiswahili kina vitenzi vinavyotaja, kwa neno moja, tukio na namna lilivyomfikia msemaji. Nilifiwa limejengwa kwa kufa, mnyambuliko wa kutendea na ule wa kutendwa: mwingine alikufa, na kifo hicho kikamwangukia msemaji. Niliuguliwa limejengwa vivyo hivyo juu ya kuugua: mgonjwa ni mwingine, lakini mzigo wa ugonjwa uliniangukia mimi. Nililazwa linaeleza kwamba wengine, wenye mamlaka ya kitabibu, ndio waliomweka msemaji kitandani. Katika vitenzi vyote vitatu msemaji ni mtendewa. Kule kuwa nje ya uwezo, ambako barua ya kwanza ilikueleza kwa maneno manne, kumo tayari ndani ya viambishi.

Tofauti baina ya vitenzi hivyo ina matokeo ya kiutendaji. Nililazwa huelekeza kwenye hati ya hospitali. Nilifiwa huhitaji uthibitisho wa aina nyingine, na mhadhiri mwenye busara hataudai kwa ukali. Niliuguliwa huibua swali halali: je, hapakuwa na mwingine wa kumwangalia mgonjwa siku ya jaribio? Afadhali mwandishi alijibu swali hilo kwa sentensi moja kabla halijaulizwa.

Pingamizi moja linastahili kusikilizwa. Dharura pia ni kinga. Yuko mwanafunzi aliyepatwa na jambo ambalo hawezi kuliandika kwa mhadhiri: mimba iliyoharibika, unyanyasaji, maradhi ya akili. Kumlazimisha afichue ni kumdhuru mara ya pili. Hata hivyo, kinga hiyo hupatikana vizuri zaidi kwa kutaja mahali ushahidi ulipo kuliko kwa kutumia neno lisilosema kitu. Sentensi kama sababu yangu ni ya faragha, na maelezo yake nimeyawasilisha kwa Mshauri wa Wanafunzi inalinda siri, na wakati huohuo inampa mhadhiri mahali pa kuuliza. Dharura peke yake inalinda siri kwa gharama ya ombi lenyewe.

5.0 Ombi: Hisani na Haki

Sentensi yenye uzito kuliko zote katika mfano ni hii: naomba kupatiwa notisi pamoja na kupewa jaribio nililolikosa. Maneno pamoja na yanaweka vitu viwili katika mizani moja, ilhali havilingani. Notisi ni hisani. Mhadhiri alikwisha kutoa mhadhara, na kuutoa tena kwa maandishi ni kazi mpya asiyolazimika kuifanya. Jaribio la kufidia, endapo sababu imekubalika, ni utekelezaji wa kanuni. Mhadhiri hatoi zawadi, anaamua kama masharti yametimia. Na pale jaribio linapokuwa ni mtihani wa mwisho wa muhula, kwa kawaida uamuzi huo si wake tena, bali ni wa idara au kitivo, na barua iliyotumwa kwake peke yake imekosea njia.

Kauli ya kutendwa, kupatiwa na kupewa, huyafunika yote hayo. Katika barua rasmi kauli hii hupendwa kwa sababu inamwondoa mtenda: hakuna anayeamriwa. Kwa ombi la jaribio, kuondolewa kwa mtenda kunafaa kwa kweli, kwa kuwa anayetoa ni taasisi, na mhadhiri ni mkono wake tu. Naomba kupewa nafasi ya kufanya jaribio la kufidia ni sentensi iliyo sahihi kisarufi na kiutawala. Lakini kwa notisi, kupatiwa kunaficha swali muhimu: na nani? Mwenye notisi aliye karibu zaidi ni mwanafunzi mwenzake. Anayemwendea mhadhiri kabla ya mwenzake anaomba kubwa ambapo dogo lingetosha. Ombi la hisani linahitaji mtenda aonekane, kwa kuwa hisani ina mwenyewe: naomba uniruhusu, naomba unieleze. Kiambishi u- na kiishio -e humrudisha mhadhiri katika sentensi kama mtu mwenye hiari.

Uzito wa ombi la jaribio nao hubadilika kwa muda, jambo ambalo mwandishi wa barua ya kwanza halizingatii. Kabla karatasi zilizosahihishwa hazijarudishwa, mhadhiri anaweza kufikiria kutumia maswali yaleyale ikiwa ana uhakika hayajavuja. Zikisharudishwa, analazimika kutunga maswali mapya yenye ugumu unaolingana, kutafuta chumba na msimamizi, na kusahihisha peke yake. Kwa hiyo, tarehe katika barua hii ndiyo kipimo cha ukubwa wa kinachoombwa. Wiki iliyopita haipimi kitu.

Mfano wa pili unayatenganisha matendo matatu:

Mada: KI 210: kukosa jaribio la kwanza, 29 Aprili

Shikamoo Mwalimu.

Mimi ni mwanafunzi wako wa mwaka wa pili. Jina na namba yangu ya usajili viko mwishoni. Jumanne tarehe 29 Aprili sikufanya jaribio la kwanza la KI 210 kwa sababu nililazwa kuanzia tarehe 28 Aprili hadi 1 Mei. Nimeambatisha hati ya kuruhusiwa kutoka hospitalini.

Naomba kupewa nafasi ya kufanya jaribio la kufidia, iwapo kanuni zinaruhusu. Nitarejea masomoni Jumatatu tarehe 5 Mei, na kuanzia siku hiyo naweza kufika wakati wowote utakaopanga, isipokuwa Jumatano asubuhi ninapokuwa na semina.

Notisi za mhadhara wa tarehe 30 nimezipata kwa mwenzangu. Sijaelewa sehemu ya mofimu kapa. Naomba uniruhusu nije kukuuliza katika saa zako za kuonana na wanafunzi.

Ahsante, Mwalimu.

Maamkizi yamebaki na jina la heshima limebaki. Udhuru umetolewa kwa kitenzi kimoja, tarehe mbili na hati, hivyo unaweza kupimwa. Ombi la haki limo katika kauli ya kutendwa na limefungwa kwa masharti ya kanuni. Ombi la hisani limo katika kauli yenye mtenda, nalo limepunguzwa: mwandishi haombi mhadhara mzima, anaomba dakika chache kuhusu mada moja, baada ya kujitahidi mwenyewe. Mhadhiri anaweza kujibu kwa mstari mmoja unaotaja siku, saa na chumba. Anaweza pia kukataa, na kukataa huko kutakuwa kumejengwa juu ya jambo lililotajwa, ambalo mwanafunzi anaweza kulipeleka mbele.

Shikamoo yenyewe inahitaji neno moja. Kwa mdomo, maamkizi haya hudai marahaba kabla ya lolote lingine, na kuliendea jambo bila kungoja ni utovu wa adabu. Katika baruapepe kungoja huko hakuwezekani, na wapo wanafunzi wanaotuma barua yenye shikamoo tupu, wakisubiri kuitikiwa ndipo waeleze shida. Huko ni kuhamisha zamu za mazungumzo hadi kwenye maandishi. Mhadhiri mwenye barua nyingi huitikia kesho, na siku moja ya mwanafunzi imepotea.

6.0 Hitimisho

Uchambuzi umeonyesha kwamba baruapepe ya mwanafunzi aliyekosa jaribio huanguka kwa sababu inayofanana na kujitahidi: mwandishi anazidisha heshima mahali ambapo heshima ilikwisha kutosha, na anapunguza maelezo mahali ambapo hakuna mwingine awezaye kuyatoa. Kumfundisha vilainishi zaidi, kama vipimo vya unyoofu vingependekeza, kutazidisha ugonjwa. Kinachofaa kufundishwa ni tofauti baina ya dharura na udhuru, na baina ya naomba kupewa na naomba unipe. Tofauti hizo zimo katika sarufi ambayo mwanafunzi wa Kiswahili anaichambua darasani kila wiki, katika mada ya mnyambuliko wa vitenzi.

Lawama haimwangukii mwanafunzi peke yake. Mhadhiri asiyetangaza mwanzoni mwa muhula ni sababu zipi zinakubaliwa, ushahidi upi unatakiwa na ndani ya siku ngapi, amemwachia mwanafunzi kukisia kinachohitajika, na anayekisia mbele ya mkubwa hukimbilia unyenyekevu. Kabla ya kuihukumu barua, mhakiki hana budi kuuliza kama msomaji wake aliwahi kusema anachotaka kusoma.